Ujumbe wangu wa kwanza kwa muuzaji ulijibiwa kwa neno moja: "Zipo"

Mimi ni fundi cherehani, nashona zaidi mashati. Kuna kazi ilinirudia mkononi, mashati 12 meupe, na kola zote zimefanya malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nilipoyakabidhi yalikuwa safi kabisa. Mteja ameyafua mara mbili tu, basi, kola ikavimba na kafu za mikono zikafuata. Na nyuma ya hiyo 12 kulikuwa na oda ya mashati 48 kutoka kwa mteja huyohuyo, ambaye kwa bahati hakuwa mtu wa makelele. Aliniambia tu, "Fundi, hizo zingine zisiwe hivi."

Nilikaa na shati moja nikalifumua kola. Kwenye kola iliyovimba cha kutazama ni gundi. Gamu (kile kitambaa cha kukazia kola, wengine hukiita vilini) ina vitone vidogo vya gundi upande mmoja. Nilipoivuta ilibanduka kama karatasi ya bahasha, na vitone vyote vilibaki kwenye gamu yenyewe, vikimeta, huku popolini ya shati ikiwa kavu. Maana yake gundi haikuyeyuka ikaingia kitambaani. Ingekuwa imeshika vizuri lakini popolini juu yake imekunjamana, kosa lingekuwa la kusinyaa: gamu imerudi, kitambaa hakikurudi. Ni magonjwa mawili tofauti yenye sura moja, na dawa zake hazifanani.

Gamu ile sikuijua hata jina. Niliinunua kwa mita, imekatwa kwenye jora lisilo na lebo, nikaambiwa ni ya mashati. Na kweli ilikuwa ya mashati, ila ya mashati ya kiwandani. Gamu nyingi za kola za viwandani zina gundi ya polithini ngumu, ambayo huvumilia sana kufuliwa lakini hutaka joto la nyuzi 150 na kuendelea pamoja na mgandamizo mkubwa wa mashine. Mimi nina pasi ya mkono. Joto naweza kulifikia, ila ule mgandamizo siwezi hata nikiilalia pasi kwa kifua.

Nikamwandikia muuzaji wa jumla mwingine, dada mmoja niliyeelekezwa kwake na fundi mwenzangu. Ujumbe wangu wa kwanza ulikuwa huu: "Habari dada, mna uzi mweupe na gamu ya kola?" Akajibu: "Zipo." Nikauliza za kampuni gani. Akajibu: "Zote fundi, karibu."

Sikumlaumu. Mtu anayejibu simu mia kwa siku akiulizwa swali la ndiyo au hapana atajibu ndiyo. Nikaufuta ule mtindo, nikakaa na kalamu, nikaandika vile ninavyotaka kujibiwa:

"Habari za kazi dada. Ni yule fundi wa mashati. Nina oda ya mashati 48 meupe ya popolini, naomba unisaidie kwa vitu viwili.
Uzi: una poliesta nyeupe ya kampuni gani kwa sasa, Coats, Gütermann au nyingine? Nataka unene wa Tkt 120. Koni ni ya mita ngapi, na je, ni mita au yadi? Nikichukua koni mbili zitakuwa za loti moja?
Gamu: una Vlieseline, au ipi nyingine yenye jina? Nataka nyeupe ya kufuma, si ile ya karatasi, na iwe ya kubandika kwa pasi ya mkono, sina mashine. Upana wake ni sentimita ngapi?
Kama ni rahisi, nipigie picha ya lebo ya koni na ya mwisho wa jora. Nitachukua kwanza nusu mita ya kujaribia, nikiridhika nakuja kuchukua yote."

Nieleze kwa nini niliuliza hivyo, maana fundi mwenzangu aliyeuona alisema nimeandika barua ya posa.

Kwenye uzi, jina la kampuni peke yake halitoshi kwa sababu kampuni moja ina nyuzi za aina nyingi. Coats kwa mfano wana Astra, ambayo ni poliesta ya kusokotwa kwa nyuzinyuzi fupi, na wana Epic, ambayo ndani ina uti mrefu usiokatika uliofunikwa kwa poliesta. Epic ni imara zaidi kwa unene uleule. Kwa shati la popolini, Astra inatosha. Halafu kuna namba: Tkt ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Wapo wanaodhani 120 ni nene kuliko 80, wakaja kupata uzi unaovuta popolini ikafanya mikunjo kwenye mshono. Kwa Tkt 120 mimi naweka sindano namba 11 au 12.

Na lile swali la mita au yadi si ubishi. Koni iliyoandikwa 5000 tu inaweza kuwa yadi 5000, ambazo ni mita 4572. Siku hizi napima kwa mzani wa jikoni. Lebo nyingi za uzi zina pia neno Tex, nayo ni uzito wa gramu kwa kila mita 1000. Uzi wa Tex 27 wenye mita 5000 unapaswa kuwa na gramu 135 za uzi mtupu. Niliwahi kuweka mzanini koni moja ya bei nafuu iliyojiita mita 5000 za Tex 27, ikasoma gramu 118. Koni tupu ya plastiki kama ile ilikuwa na gramu 14. Ukitoa, zinabaki 104, yaani mita kama 3850. Zaidi ya mita elfu moja zilikuwa za kwenye lebo tu.

Mzani huohuo ndio ulioniambia kiasi cha kuagiza. Nilishona mashati matano, nikapima koni zote kabla na baada, za cherehani na za overloki. Zilikuwa zimepungua gramu 17. Hizo ni mita 630 hivi, au mita 126 kwa shati. Mashati 48 ni kama mita 6050, ukiongeza ya kukatika na kufumua unafika karibu 7000. Kwa hiyo koni mbili.

Majibu yake safari hii yalikuja na picha tatu. Uzi ulikuwa Astra, Tkt 120, mita 5000. Gamu alikuwa na Vlieseline aina mbili, G700 na H250, pamoja na jora jingine la upana wa sentimita 112 lisilo na jina, ambalo alisema kwa uaminifu, "Hii fundi inachukuliwa na wenye mashine." Nikamshukuru Mungu kwamba nilitaja pasi ya mkono. Ile ndiyo ndugu wa gamu iliyoniumiza.

H250 ni ngumu na si ya kufumwa. Inafaa mikoba na mapambo. Kwenye kola inasimama kama kadi ya mwaliko. G700 ni pamba iliyofumwa na inabandikwa kwa pasi. Nikaomba nusu mita.

Jaribio lenyewe lilinichukua siku mbili. Nilikata popolini ileile ya oda, mraba wa sentimita 25, nikabandika gamu, nikachora kwa kalamu ya kitambaa alama mbili zenye umbali wa sentimita 20. Nilitandika kitambaa chenye unyevu juu yake, nikaweka pasi na kuikandamiza kwa hesabu ya polepole hadi 12, nikainyanyua na kuhamia sehemu nyingine. Kusugua ndiko kunakoharibu, kwa sababu gamu inasogea kabla gundi haijashika. Baada ya hapo unaiacha bapa nusu saa bila kuigusa, maana gundi ya moto bado ni laini na ukiikunja mapema unaifungulia njia. Nilifua mara tatu kwa maji ya moto na sabuni, nikapiga pasi, nikapima. Umbali wa alama ulikuwa sentimita 19.7, gamu na popolini zimerudi pamoja, na nilipojaribu kuibandua kwenye kona ilichanika nyuzi kabla ya kuachia. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Hizo milimita tatu nilizifanyia kazi kwa kulowesha na kukausha popolini yote kabla ya kukata.

Kilichonigharimu ni upana. G700 ile ni ya sentimita 90. Kipande changu cha kola kina urefu wa sentimita 47, kwa hiyo kwenye sentimita 112 vinakaa viwili kando kwa kando na pembeni nasimamisha kafu mbili. Kwenye 90 kinakaa kimoja, cha pili hakienei, na ile nafasi inayobaki unaijaza kwa kafu na mikanda ya vifungo kadiri uwezavyo. Kukigeuza kola kifuate urefu wa jora sipendi, kwa sababu nataka kola zote zifuate mkondo mmoja wa nyuzi. Hesabu ikatoka mita 9 badala ya 6 na nusu. Ningeagiza bila kuuliza upana, ningeishiwa gamu nikiwa na mashati kumi na kitu mezani.

Mashati 48 yameshafuliwa mara nyingi sasa na kola zimetulia. Kosa langu lilikuwa kwenye uzi. Dada aliniambia koni mbili za loti moja zipo, lakini nilipofika nilichukua moja, nikasema ya pili nitaifuata wiki ijayo. Wiki ijayo loti ile ilikuwa imeisha. Koni niliyopewa ni Astra ileile, namba ileile, nyeupe, ila ukiiweka karibu na ya kwanza dirishani inavuta kidogo kwenye bluu. Juu ya kola ingeonekana. Nikaipeleka kwenye overloki, ndani ambako haionekani, na ile ya kwanza nikaibania kwa mishono ya juu peke yake. Ilifika shati la 48 imebaki kipande ambacho hata bobini haikujaa.