Ukuta wa nyuma, Shangani: malengelenge yamekoma, isipokuwa mstari wa chini

Mvua imenyesha Mtwara usiku kucha. Alfajiri nimetoka na tochi, nikapitisha kiganja ukuta mzima, na kuanzia usawa wa goti kwenda juu hakuna lengelenge hata moja. Wiki ya sita hii tangu nipake rangi upya. Nimefurahi mno.

Muda wote nilikuwa nalaumu rangi, kumbe jibu lilikuwa ndani ya lengelenge. Nililipasua kwa kisu, likatoa maji kidogo, na nyuma yake andakoti ya mafuta ilikuwa imelainika, inateleza vidoleni kama sabuni. Na kweli ni sabuni. Waliowahi kupika sabuni ya mafuta ya nazi wanajua kostiki inavyoyageuza mafuta, na lipu mbichi ya saruji nayo ni kali hivyohivyo, pH 12 hadi 13. Mimi niliipaka andakoti hiyo ya mafuta ikiwa na siku tisa tu. Unyevu ukakwama nyuma ya rangi, ukaamsha ule ukali, na jua lilipopiga rangi ikavimba.

Nilikwangua mpaka kwenye lipu tupu, nikaiacha wiki saba. Kupima ukali nilianza na manjano ya unga kwenye spiriti: ukipaka penye ukali yanageuka mekundu ya kahawia. Ila yanageuka kuanzia karibu 9, hivyo hayatofautishi 9 na 12. Karatasi za pH ndizo zilizonisaidia: unalowesha ukuta kwa maji safi, unabandika, unasoma rangi. Iliposhuka chini ya 10 nikapaka praima ya akriliki inayohimili alkali, kwa brashi. Rola naipenda kwa koti la mwisho, lakini praima lazima isuguliwe iingie kwenye vinyweleo vya lipu.

Sasa huo mstari wa chini. Kimo chake kama sentimita 40, na rangi inabambuka tena. Safari hii nyuma yake hakuna utelezi, kuna unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Nilibandika nailoni ya sentimita 45 kila upande, nikaiziba kingo zote kwa utepe wa gundi. Kesho yake upande wa ndani ulikuwa umejaa matone. Maji yanapanda kutoka ardhini: udongo wa bustani ya maua umelala ukutani, juu kuliko tabaka la kuzuia unyevu. Hapo praima haisaidii, maana chumvi itaisukuma tu kwa nyuma.

Nilipanga kupaka koti la tatu Jumamosi. Nimeacha. Nimeuchimba udongo mpaka sentimita 15 chini ya tabaka lile, na unga mweupe nimeufagia kwa brashi kavu, kwa sababu ukiuosha unayeyuka na kurudi ndani. Halafu nikakumbuka kuta za zamani za Mikindani zilizopakwa chokaa, ambayo inaruhusu ukuta kupumua. Ndoo moja ya chokaa imelowekwa tangu jana. Nitapaka kipande cha mita moja kwanza, nikivaa glavu.