Siku moja maishani mwangu leba: saa 3 asubuhi mpaka saa 9

Mimi ni mwanafunzi wa ukunga, hii ndo keisi niliyoiandikia mwalimu ila hapa naiweka vile ilivyokuwa.

Saa 1:30 asubuhi. Napokea shifti. Kuna mama wa mimba ya tatu, chupa ilipasuka saa 8 usiku, kafika saa 11 alfajiri njia ikiwa sentimita 6, kichwa 4/5, yaani sehemu nne kati ya tano bado zipo juu ya nyonga. Wale wawili wa kwanza alijifungua kawaida kwa hiyo kila mtu anasema huyu wa tatu atashuka tu. Mimi pia nilisema hivyo, sijifanyi mjanja.

Saa 3. Napima, sentimita 7. Yaani saa nne nzima kaongeza sentimita moja, wakati mstari wa tahadhari kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, unapanda sentimita moja kila saa. Nukta yangu imeangukia kulia kwa mstari, na darasani tulifundishwa kituo kisicho na upasuaji ukivuka hapo unaanza kufikiria rufaa. Nikamwambia sista, akasema "mdogo wangu, uchungu si hesabu, mpe muda." Nikampa.

Saa 5. Sentimita 8. Nukta imekaa juu ya mstari wa hatua kabisa, ule ulio masaa manne kulia kwa wa tahadhari. Sista akaingiza vidole akasema kichwa kimeshuka, kipo karibu. Mimi nimeweka mkono juu ya tumbo, napata vidole vinne vya kichwa juu ya mfupa wa kinena, bado 4/5, hakijasogea hata kidogo tangu alfajiri. Sasa nani mkweli? Hapa ndo nilijifunza kitu ambacho kitabu kilikisema kwa sentensi moja nikaipita: kichwa kikibanwa muda mrefu ngozi yake inavimba, na ule uvimbe unashuka chini wakati fuvu lenyewe limebaki juu. Ukipima kwa chini tu unagusa uvimbe unadhani mtoto anakuja. Tumbo halidanganyi.

Na mifupa ya fuvu: saa 3 ilikuwa inagusana tu (+), saa 5 imepandana lakini ukisukuma kwa kidole inaachana (++). Kichwa kinajikunja kutafuta nafasi na nafasi hakuna.

Saa 6:15. Mwenzetu mmoja akasema tumwekee dripu ya kuongeza uchungu. Moyo ulinidunda kuliko wa mtoto (wa mtoto ulikuwa 164, kawaida ni 110 mpaka 160). Uchungu ulikuwa tayari mara nne kwa dakika kumi, una nguvu, tatizo halikuwa uchungu. Mama aliyeshazaa, mtoto kabanwa, halafu unaongeza nguvu, hapo kizazi kinaweza kupasuka. Nilisema kwa sauti ndogo sana, ila nilisema, na sista akaikataa ile dripu.

Saa 7. Bado 8. Mifupa imepandana haiachani, +++. Maji yana kinyesi cha mtoto. Mama hajakojoa, nikajaribu mrija ukagoma kwanza maana kichwa kimekandamiza njia ya mkojo, ulipopita ukatoka mkojo kidogo wa rangi ya chai ya rangi, una damu. Mama akaniuliza "nesi, mbona hivyo?" sikumjibu vizuri. Sista alipoona ule mfuko wa mkojo akasema piga simu ya gari la rufaa.

Saa 7:20 tumepiga. Dripu ya maji, dawa ya antibayotiki, alalie ubavu wa kushoto, fomu ya rufaa. Gari lilikuwa limepeleka mgonjwa mwingine, likafika saa 9:10.

Nilienda naye. Akafanyiwa upasuaji, mtoto kilo 3.9 (wenzake walikuwa 2.9 na 3.1), akapuliziwa hewa kwa barakoa dakika kama mbili ndo akalia. Mama kaachiwa mrija siku 14, ile sehemu ya kibofu iliyokandamizwa isije ikafa ikatoboka ikawa fistula.

Usiku, naandika. Thaddeus na Maine, watafiti wa vifo vya uzazi, 1994, wana ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa ukishafika. Kwenye fomu ya rufaa sababu imeandikwa "mama alichelewa kufika". Jamani, chupa imepasuka saa 8, saa 11 yupo mlangoni kwetu, angewahi vipi tena? Wa kwanza na wa pili haupo. Wa tatu upo, na hata gari ni sehemu yake ndogo: tungepiga simu saa 3 lingekuwa nje limesimama, nililiona asubuhi nikiingia.

Nikaandika kwenye keisi: tahadhari saa 3:00, simu saa 7:20, gari saa 9:10. Halafu nikaongeza jina langu kwenye orodha ya waliokuwepo.