Doa lililovuka mstari wa penseli

Juzi niliingia duka la dawa la mtaani kwetu, harufu ya jipsamu iliyolowa ikanipokea mlangoni. Wanaoijua wanaijua: chokaa mbichi iliyochanganyika na uvundo wa karatasi. Ikinifikia huwa naangalia juu kabla sijasalimia mtu. Mawazo yakanirudisha moja kwa moja kwenye ofisi yetu iliyokuwa mtaa wa Posta, Dar es Salaam, ghorofa ya mwisho, na ile Jumatatu ya Desemba 2019.

Masika ya mwaka ule tulivujiwa. Msimamizi wa jengo alituma fundi na ndoo ya lami, akapaka juu ya paa usawa wa doa letu, akaondoka. Mei pakavuja tena, tukaahidiwa fundi, hakuja. Mvua zikaisha, dari ikakauka, kila mtu akaamini yamekwisha. Oktoba vuli ikaingia kwa nguvu, doa likarudi palepale, juu ya kabati la mafaili ya forodha. Safari hii msimamizi hakuleta fundi. Alitazama juu, akasema kwa upole wake wa siku zote, "Dada, hayo ni maji ya kiyoyozi chenu. Mwiteni fundi wenu."

Neno hilo lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Kwenye mkataba wetu wa pango, vifaa vya ndani vilikuwa juu ya mpangaji. Paa na kuta za nje juu ya mwenye jengo. Hata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema hivyo: ukipangisha sehemu tu ya jengo, paa na kuta za nje unabaki nazo wewe mwenye jengo. Kwa hiyo ugomvi wote ulikuwa maji yanatoka wapi, na kiyoyozi kilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye doa.

Mhasibu wetu, mtu mzima tuliyemwita Mzee, ndiye aliyepata njia. Jumamosi mchana tulipokuwa tunafunga alipanda juu ya meza na penseli, akafuata ukingo wa doa mzunguko mzima, pembeni akaandika "30/11, saa 7 mchana". Akazima kiyoyozi kwenye swichi ya ukutani, akabandika karatasi juu yake asiwashe mtu. Kiyoyozi hutoa maji kinapopoza hewa yenye unyevu. Kikizimwa siku nzima na nusu, hakina maji mapya ya kumwaga.

Jumapili usiku mvua ilinyesha.

Asubuhi nilifika wa kwanza. Nilisimama chini ya lile doa na mkoba bado begani. Lilikuwa limeuvuka mstari wa penseli, upande wa dirishani karibu upana wa kiganja, rangi yake kama chai ya rangi iliyomwagika kwenye shuka. Kwenye kichwa cha skrubu moja palikuwa na tone limening'inia, linanenepa taratibu, halianguki. Nilipitisha kidole kwenye mdomo wa mrija wa kiyoyozi: mkavu, na vumbi juu. Nikarudi kutazama lile tone hadi likadondoka kwenye faili la mteja. Moyo uliniuma kwa lile faili, na papo hapo nikajisikia mwepesi, kwa sababu sasa tulikuwa na kitu cha kuonyesha. Mzee alipofika alichora mstari wa pili, akaandika tarehe, nikapiga picha mistari yote miwili ikionekana.

Barua pepe tuliiandika siku ya pili yake, watu watatu kwenye meza moja. Kijana wetu wa ofisi alitaka tumalizie kwa "mtushughulikie haraka iwezekanavyo". Mzee akakataa. "Haraka ya nani? Muombe tarehe. Tarehe ikipita, inajulikana imepita." Tukaituma kwa mwenye jengo mwenyewe, aliyekuwa akiishi nje ya nchi, nakala kwa msimamizi. Ninayo hadi leo:

"Yah: Kuvuja kwa paa, ghorofa ya 4, kunakojirudia – ombi la tarehe ya matengenezo

Ndugu Mwenye Jengo,

Tunakuandikia kuhusu maji yanayovuja kwenye dari ya ofisi yetu, juu ya kabati la mafaili.

Aprili 9 tulimpigia simu msimamizi. Aprili 15 fundi alipaka lami juu ya paa. Mei 14 palivuja tena palepale. Tulituma ujumbe wa WhatsApp na picha, tukajibiwa kuwa fundi angekuja. Hakuja, na mvua zikaisha. Oktoba 21 palivuja tena. Msimamizi alifika akasema chanzo ni kiyoyozi chetu.

Kuanzia Jumamosi Novemba 30 saa 7 mchana hadi Jumatatu Desemba 2 asubuhi kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Mvua ilinyesha Jumapili usiku na doa likaongezeka. Picha zimeambatishwa; mistari ya penseli inaonyesha ukubwa wake kabla na baada.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, tarehe ya kukagua paa kabla ya Desemba 13, mmoja wetu akiwepo. Pili, tarehe ya kumaliza matengenezo isiyozidi Februari 28, 2020, kabla ya masika. Tafadhali tujibu kufikia Jumanne, Desemba 10.

Tutafungua ofisi siku yoyote fundi atakayopangiwa, hata Jumapili."

Hatukutishia kuzuia kodi, ingawa kijana alitamani. Mzee alisema tukizuia kodi, hadithi itakuwa kodi na paa litasahaulika. Februari tuliitaja kwa makusudi: Januari na Februari ndiyo miezi ya kiangazi, na lami haishiki vizuri kwenye zege lililolowa. Fundi akipaka kwenye mvua, kazi inabanduka.

Mwenye jengo alijibu baada ya siku mbili. Hakujua chochote, aliandika, na akatoa tarehe ya ukaguzi. Siku hiyo nilipanda paani na fundi mwingine. Lami ya Aprili ilikuwepo, kiraka cheusi kizuri, usawa wa doa kabisa, na haikuwa imefunika kitu cha maana. Mita kadhaa kutoka pale, kwenye kona, tundu la kutolea maji lilikuwa limezibwa na majani, mifuko na manyoya ya njiwa. Maji yalituama pale kama kwenye karai. Pembeni, zege lilipokutana na ukuta mfupi wa ukingoni, palikuwa na ufa ambao ncha ya kisu iliingia bila kusukumwa. Fundi alinieleza kuwa maji yakiingia kwenye zege hutembea ndani yake, yakatokea popote yanapopata upenyo. Aliyepaka lami juu ya doa alikuwa anatibu mahali maji yanapotokea, siyo yanapoingilia.

Walizibua tundu, wakajaza ufa, wakatandika lami ya karatasi kona nzima na kuipandisha ukutani. Kabla ya kukabidhi, waliziba tundu makusudi, wakajaza maji, wakayaacha hadi kesho yake. Chini hapakuonekana kitu. Masika ya 2020 hatukuvujiwa.

Msimamizi aliondolewa mwezi uliofuata. Sijui kama ni kwa ajili ya ile barua. Sikuuliza na hakuna aliyeniambia. Tulichoandika kilikuwa kweli chote, na yeye mwenyewe alipewa nakala. Lakini nilikutana naye Kariakoo baadaye, akaniitikia salamu kwa mkato, akapita.

Tuliporudia mkataba tuliomba kiongezwe kipengele: taarifa za ubovu ziwe kwa maandishi, na mwenye jengo ajibu ndani ya siku 14. Maandishi aliyakubali. Siku 14 alizifuta.