Laki moja ya bosi, iliyobaki ni ya mezani: siku yangu ya uweita Moshi

Naamka saa 11 kasoro alfajiri, Pasua, natembea hadi mjini kuokoa nauli. Saa 12 na nusu nimeshafunga aproni. Mpaka saa 3 ni supu, chapati na mtori, watu wanakula wamesimama nusu, macho kwenye simu. Tipu ya asubuhi ni ile mia tano mtu anayoona uvivu kuisubiri. Leo nimepata 1,500 jumla, mojawapo ikitoka kwa mzee anayekuja kila Jumamosi. Nikamwambia asante babu, akanijibu kwa Kichaga "aika", akavaa kofia akaondoka.

Mshahara wangu ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Nilipoanza, bosi alisema hivi: "Mshahara laki, ila dada, hapa tipu ni zako zote." Alilisema kama vile ananiongezea kitu kutoka mfukoni mwake. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha migahawa, baa na nyumba za wageni kuwa 130,000. Tangu hapo zimetoka amri nyingine na kiwango kimepanda. Mimi hata hicho cha 2013 sijakifikia. Tofauti inalipwa na wateja bila wao kujua.

Saa 6 hadi saa 8 mchana sina la kusimulia, ni mbio tu. Tipu 2,000.

Sasa saa 8 na robo wakaingia wanaume watano, mashati ya ofisini, wakaunganisha meza mbili chini ya mwembe. Nataka niwaeleze meza hii vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Kwetu kila kinachotoka kaunta kinaandikwa kwa jina langu. Bia ikishavuka kaunta ni deni langu, siyo la mteja. Jioni natakiwa nifunge: kilichoandikwa na kilicholipwa vilingane. Kikipungua inaitwa shoti, na shoti inakatwa kwenye ile laki.

Waliagiza nyama choma kilo 2, kilo ni 16,000. Ndizi na ugali sahani tano, 10,000. Maji na soda nne, 4,000. Bia zikawa zinakuja mbili mbili, tatu tatu, chupa 2,500. Mmoja wao kila akinihitaji anapiga meza kwa funguo za gari. Nyama ikachelewa, akaniuliza kama nimekwenda kumnunua huyo mbuzi Same. Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, maana kicheko ni sehemu ya hesabu.

Kosa langu nilifanya mida ya saa 10. Meza ilijaa chupa, mwenye funguo akasema, "Dada, tupunguzie huu uchafu." Nikaondoa chupa kumi nikazirudisha kwenye kreti kaunta. Weita mzoefu hafanyi hivyo. Chupa tupu huachwa zikae pembeni ya meza, au chini ya kiti, mpaka bili ilipwe, kwa sababu ndizo ushahidi wako. Mteja akibisha, mnahesabu chupa pamoja, mambo yanaisha bila kelele. Mimi nilikuwa nimechoka, magoti yanagonga, nikafikiri hawa ni watu wa ofisi.

Bili: bia 18, yaani 45,000. Jumla 91,000.

"Bia kumi na sita," akasema mwenye funguo.

"Kaka, ni kumi na nane, zimeandikwa kaunta."

"Kaunta ndiyo imekunywa? Zihesabu hapa."

Mezani zilikuwepo nane. Kwenye kreti zangu zilishachanganyika na za meza nyingine. Nikamwita mama wa kaunta, akaleta daftari, wakasema daftari kila mtu anaweza kuandika. Nusu saa nzima. Meza nyingine tatu zinaniita, na kila dakika niliyosimama pale ni tipu ya mwingine inapotea. Mwisho mmoja mpole akasema yaishe, akatoa simu, akalipa Lipa Namba 90,000. Kwa hesabu yao ya bia 16 bili ilikuwa 86,000, kwa hiyo akaniambia kwa roho nyeupe kabisa: "Elfu nne inayobaki ni yako, dada, pole kwa usumbufu."

Hesabu mwenyewe. Yeye ameondoka akijua amenipa tipu ya 4,000. Hela imeingia kwenye namba ya ofisi. Daftari linasema 91,000, simu inasema 90,000. Kwangu ni shoti ya 1,000.

Na hata wangekubali bia 18 na kulipa 95,000, ile ya juu ingekwama vilevile. Zamani chenji ilikuwa inarudi kwenye kisahani, noti unaiona. Siku hizi tipu ya simu inaingia kwa bosi, halafu unaambiwa tutaangalia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi hakuna anayekumbuka. Kwa hiyo ukitaka kumpa weita kitu, lipa bili kwa simu, yeye mpe noti mkononi.

Kuhusu makato, nimesoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri anayekata kwa ajili ya hasara athibitishe kosa ni lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, na akupe nafasi ya kupinga. Kwetu maandishi ni meneja kuandika "shoti" kwa kalamu nyekundu. Sheria hiyohiyo inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ilipofika jioni hiyo nilikuwa nimeshazimaliza 9 na bado meza zimejaa.

Sijui ilikuwa saa ngapi walipofika wagumu, wapagazi wa mlimani, sita, wameteremka geti la Mweka siku hiyo, vumbi hadi kwenye kope. Hao nao mwisho wa safari hutegemea tipu. Wakala kitimoto, wakanywa kiasi, wakanihesabia hela taslimu, juu yake noti ya 10,000. Mmoja akasema, "Sisi tunajua, dada."

Kufunga hesabu: tipu 13,500. Mchoma nyama nimempa 2,000 na mama wa kaunta 1,000, kwa sababu nisipowapa kesho nyama yangu itaiva ya mwisho. Shoti 1,000. Nimebaki na 9,500. Bodaboda usiku 2,000, mwanamke hatembei kwenda Pasua saa 3.

Nina daftari langu dogo. Julai, msimu wa mlima, tipu baada ya kugawa zilikuwa 168,000, shoti 14,000, pamoja na mshahara nikapata 254,000. Mei, mvua za masika, wageni hakuna: tipu 57,500, shoti 6,000, jumla 151,500. Toa chumba 40,000, toa boda siku 26 ni 52,000, zinabaki 59,500 za kula na za kumtumia mama Rombo. Bosi akimweleza mtu ninachopata, hutaja Julai. Tena nikienda likizo, siku 28, ni laki kavu, maana likizo haina meza.

Nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Simu imelia, meneja: "Kesho njoo saa 12 kamili, kuna msiba, watakula chai watu sitini." Nimemuuliza kama hao chai wanalipa wenyewe au imeshalipwa. Imeshalipwa, kwa namba ya ofisi.