Kashata bado yuko kwenye boksi

Mama mkwe aliondoka Jumapili na basi la alfajiri. Leo ni Jumatano, na maneno yake bado nayasikia kila nikipita ile kona ya sebule.

Alikuwa amesimama na kikombe cha chai ya tangawizi, khanga juu ya sweta la Baba Nasra, anamtazama Kashata ndani ya boksi la mafuta ya kula. Macho tu ndiyo yalionekana. Akasema, "Mwanangu, paka wa nyumba yenye raha halali kwenye boksi. Huyu kuna kitu anakikimbia."

Nikamjibu, "Ni baridi tu, mama."

Akaninyanyulia macho, akasema taratibu, "Baridi? Na wewe ndiye daktari wa mifugo?"

Basi. Hakuongeza neno, na mimi sikuongeza. Wiki hiyohiyo tumehama nyumba, Nasra ameanza shule mpya, na kazini nimeongezewa kata mbili, lakini usiku nikilala kinachonirudia ni lile swali. Kila nikilikumbuka natunga jibu jingine.

Jibu la kwanza lilikuwa la baridi, na halikuwa uongo. Anayejua Njombe ya mwezi wa saba hahitaji kuelezwa. Sisi na masweta yetu tukipata nyuzi 22 tunasema hali ya hewa ni nzuri. Paka sivyo. Joto ambalo mwili wake hauhitaji kuchoma chakula cha ziada ili usipoe linaanzia kama nyuzi 30 na kufika 38. Kule Tanga Kashata alikuwa analala sakafuni amejinyoosha kama kamba. Hapa, Alhamisi asubuhi, nilipima sebule nikakuta nyuzi 14. Nikaingiza kipimajoto ndani ya boksi, kati ya ubavu wake na ukuta wa karatasi, nikakuta 27. Hakuna jiko mle wala taa. Joto lote ni lake mwenyewe, na boksi linalizuia lisitoroke. Ukichana boksi utaona kati ya karatasi ya nje na ya ndani kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mawimbimawimbi, na hewa iliyonaswa humo haipitishi joto kirahisi. Sakafu ya saruji, kinyume chake, inalinyonya.

Ndiyo maana pia anataka padogo. Nilimwekea boksi la televisheni, kubwa, na blanketi ndani. Alilinusa akarudi kwenye lile la mafuta, ambalo akijikunja analijaza lote. Hewa ya kupasha moto mle ni kidogo, na mwili uliojikunja umeacha sehemu ndogo tu ya kupoteza joto. Hata watoto wa paka wanaanza maisha hivyo. Wiki zao za mwanzo hawawezi kujipasha joto wenyewe, wanabanana tumboni kwa mama yao na kulaliana.

Lakini usiku wa Jumamosi nilijiambia ukweli: mama hakuuliza habari ya joto peke yake. Alisema kuna kitu anakikimbia, na hapo alikuwa ameona sawasawa.

Paka anawinda, lakini naye ni mdogo, kuna wanaomwinda. Mahali asipopajua, chaguo lake la kwanza si kupigana bali ni kujiondoa machoni. Boksi linampa kuta tatu ambazo hakuna kitakachomjia kutokea huko, na mlango mmoja wa kulinda. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha utafiti wa paka 19 waliokuwa wamefikishwa tu kwenye kituo cha wanyama. Kumi walipewa boksi la kujifichia, tisa hawakupewa. Siku ya tatu na ya nne wenye maboksi walikuwa wametulia waziwazi kuliko wenzao. Kufikia siku ya kumi na nne wale wengine nao walikuwa wameshatulia kama wao. Kwa hiyo boksi halikuwa dalili ya paka aliyeshindwa. Lilikuwa njia yake ya kuzoea upesi.

Sasa, paka aliyejificha anaweza pia kuwa mgonjwa, na hili nawaambia wateja wangu kila mara. Usimvute kwa nguvu, mwangalie. Je, sahani ya usiku asubuhi imepungua? Mchanga wake wa kujisaidia umetumika? Akiwa ndani, amechutama masikio yamelala na macho hayafungi, au amekunja mikono chini ya kifua na kope zinashuka? Paka asiyekula siku mbili au tatu, hasa akiwa mnene, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini, na hapo kumpa nafasi si dawa tena. Dume anayekwenda mchangani, anajikamua na mkojo hautoki, huyo hata usiku mmoja usimsubirie.

Kashata niliandika kwenye daftari. Siku ya kwanza hakugusa chakula mchana, usiku alikula nusu ya dagaa. Nasra alitaka kumtoa ili "asisikie upweke", nikamwomba aache, tukang'oa gundi na pini za boksi na kuligeuza mlango uangalie chumba. Siku ya tatu mchanga ulikuwa umetumika mara mbili. Siku ya saba nilimkuta amelala ubavu, tumbo nje, mguu mmoja umetoka mlangoni.

Jana nikayafungua tena hayo maandishi, nikaona kitu ambacho sikukiona wakati nimekasirika. Mama alifika siku ya pili. Alimkuta Kashata katika siku yake mbaya kuliko zote.

Halafu nikamkumbuka mama mwenyewe. Tulimtandikia chumba kikubwa cha mbele, chenye dirisha la kutazama miti. Alilala humo usiku mmoja. Kesho yake akaniomba kile chumba kidogo nyuma ya jiko, ambacho tulikuwa tumeweka magunia, na akamwambia Baba Nasra asogeze kitanda mpaka kiguse ukuta wa jikoni. Mlango aliuacha wazi kidogo. Nilidhani chumba chetu hakikumpendeza, na hilo nalo liliniuma. Sasa naona alikuwa na umri wa miaka 68, mara yake ya kwanza kupanda huku nyanda za juu, safari ya siku nzima kutoka Pangani, nyumba ya watu ambao wenyewe hawajafungua mizigo. Usiku wa tatu nilimsikia akikoroma kupitia ukutani, na nilifurahi bila kujua kwa nini.

Leo asubuhi amepiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba, kabla hajamuulizia mwanawe, akasema, "Yule paka je, ametoka?"

Nikamwambia, "Ametoka mama. Amelala juu ya boksi."

"Juu?"

"Juu, mama. Ndani anaingia usiku."

Akacheka. Akasema nisilitupe. Nikamwambia silitupi, na kile chumba chake cha nyuma magunia sijayarudisha.

Umeme umekatika tangu saa kumi. Ofisini kwenye friji kuna chanjo ya mapele ngozi ya ng'ombe wa kata zote mbili, haitakiwi kuzidi nyuzi 8, na mlinzi hapokei simu. Ngoja nivae koti niende.