Mvua Ilipokoma, Mto Ukatuacha

Nilichagua mwisho wa Oktoba kwa sababu niliyoiona haina kasoro. Msitu wa Amazoni karibu na mji wa Manaus, nchini Brazili, hupata mvua nyingi kati ya Desemba na Mei, kwa hiyo niliamini kwamba anayekwenda nje ya miezi hiyo atasafiri kwa raha.

Mashua yetu ilikwama kwenye fungu la mchanga katikati ya Mto Negro. Mwongoza wageni akazima injini, akatutaka tushuke, na kabla mtu hajakanyaga maji akatuonya tusinyanyue nyayo bali tuziburuze, kwa kuwa samaki aina ya taa hujifukia mchangani: ukimkanyaga hukuchoma kwa mwiba wa mkiani, lakini ukimgusa ubavuni hukimbia. Tuliburuza miguu na kusukuma mashua kwa muda wa saa mbili, maji yakiwa hayazidi magoti. Gati linaloelea la nyumba ya wageni tulilikuta limelala juu ya tope lililopasuka, tukapanda ukingo mrefu tukiwa na mizigo kichwani. Tulitozwa pia nauli ya mtumbwi mdogo, gharama ambayo hakuna aliyetutajia tulipolipia safari, na hadi leo naiona kuwa dhuluma.

Kosa langu lilikuwa kuhesabu mvua na kuusahau mto. Maji ya Negro hutoka mbali sana, na huzuiwa na wingi wa maji ya Mto Solimões unaokutana nao karibu na Manaus, kwa hiyo kilele cha mto hufika Juni, wakati mvua imekwisha kupungua, na kina hushuka kabisa Oktoba au Novemba. Tofauti ya kawaida ni takribani mita 10. Kipimo cha bandari ya Manaus kilifika mita 30.02 mwaka 2021, kisha kikashuka hadi karibu mita 12.7 mwaka 2023. Kina hicho hutangazwa kila siku, na ndicho ninachokitazama sasa kabla ya kulipa chochote.

Sisemi kwamba Oktoba haifai. Anayependa kutembea kwa miguu hupata njia kavu na fukwe nyeupe, na samaki waliobanwa madimbwini huwavuta ndege wengi. Mimi nilitaka kuingia msituni kwa mtumbwi, na kwa hilo Julai ina maji ya kutosha, ila ndio mwezi wa likizo: vyumba hujaa na bei hupanda.

Nilirudi katikati ya Mei. Mvua kubwa ilinyesha alasiri mbili kati ya nne, kila mara kwa muda wa saa moja hivi, chumba kilikuwa nafuu, na wageni tulikuwa wachache mezani. Asubuhi tulipiga kasia kimyakimya kati ya matawi ya juu, mahali ambapo Oktoba ningeinua shingo kuyatazama, na tumbili mmoja akala tunda akiwa usawa wa macho yangu.