Daftari la mchezo: jinsi nilivyoacha kulihamisha shimo

Mimi ni kijumbe wa mchezo wa akina mama kumi pale sokoni Tandika, Temeke. Kila mmoja hutoa shilingi 50,000 kwa mwezi, tarehe 5, na mwenye zamu anapokea. Sisi tunasema mchezo. Neno upatu siku hizi limechafuliwa na watu wa piramidi, mtu akilisikia anashika pochi yake.

Mzunguko wa kwanza niliuendesha kwa kuandika majina. Kila mwezi ukurasa wake: majina tisa na alama ya vema kwa aliyelipa. Ni tisa kwa sababu kwetu mwenye zamu hajilipi, kwa hiyo anapokea 450,000. Kuna michezo ambayo hata mpokeaji anatoa, ili aseme amepokea laki tano kamili. Sioni maana ya mtu kutoa hamsini mfuko wa kushoto na kuipokea kwa mfuko wa kulia, lakini kila kikundi na utaratibu wake. Muhimu ni kukubaliana kabla ya kura ya kupanga namba za zamu, maana ugomvi wa kwanza huanzia hapo.

Mwezi wa nne, mama aliyekuwa ameshapokea namba 2 hakuleta. Mwenye zamu, namba 4, akaja juu, ana fundi anamsubiri. Nikamtuliza: mwezi ujao nitakumalizia. Na kweli mwezi wa tano nilichomoa 50,000 kwenye fungu la namba 5 nikampa namba 4. Namba 5 akapokea 400,000, naye nikamwambia mwezi ujao. Mwezi wa sita yule yule namba 2 akakosa tena. Nikamlipa namba 5 hamsini yake, namba 6 akabaki na 350,000. Mwezi wa saba wote walilipa, lakini laki moja ilikwenda kwa namba 6, na namba 7 akapungukiwa laki ile ile. Mwezi wa nane akakosa mwingine, shimo likawa laki na nusu. Namba 9 akapokea 300,000 na kungoja mwezi wa mwisho.

Mwezi wa kumi nikamlipa namba 9 deni lake, na namba 10 akapokea 300,000. Hakukuwa na mwezi wa kumi na moja.

Namba 10 alikuwa muuza vitumbua mpole aliyekubali kuwa wa mwisho bila kunung'unika. Tulipomfuata namba 2, akatujibu bila hata kuinua macho: “Mimi nilikuwa nadaiwa na namba 4. Mwulizeni kama ananidai.” Namba 4 akasema hamdai mtu, alishalipwa. Nani alimlipa? Mimi, kwa pesa za wengine. Deni lipo, mdaiwa yupo, lakini mdai wake nilikuwa nimemfuta kwa mkono wangu. Nilichukia jibu lile, ila daftari langu halikuwa na cha kulipinga.

Laki na nusu ile nikaibeba mimi. Mzunguko wa pili walikubali niendelee kwa masharti, la kwanza likiwa kwamba kijumbe hachukui tena namba 1 kama ilivyo desturi. Nikawa namba 10.

Safari hii nilichora. Nilifungua daftari kubwa, kurasa mbili kwa pamoja, nikapiga mistari. Majina kumi yanashuka upande wa kushoto kwa mpangilio wa kura, na miezi kumi inakwenda kulia, Januari hadi Oktoba. Juu ya kila mwezi kuna jina la mwenye zamu. Pale ambapo mtu anakutana na mwezi wake mwenyewe niliweka X, kwa hiyo X zikashuka kama ngazi kutoka kona hadi kona. Vilivyobaki ni visanduku tisini, tisa kwa kila mtu na tisa kwa kila mwezi.

Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba kila kisanduku kina watu wawili. Mstari unakwambia nani anatoa, safu inakwambia nani anapokea. Kisanduku kikiwa kitupu baada ya tarehe 5, hakisemi tu kwamba fulani hajalipa. Kinasema fulani anadaiwa na fulani, na hakuna mwingine anayehusika. Kwenye orodha ya majina huyo wa pili hayupo, ndiyo maana nilimpoteza.

Jambo lingine nililobadilisha ni vema. Sasa naandika tarehe. Vema zote zinafanana, lakini tarehe zina mwendo wake. Na tarehe siandiki mpaka hamsini imetimia: anayetuma kwa simu anatuma na ya kutolea. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 tulijifunza kwamba ukipokea “hamsini” tisa za simu bila ya kutolea, mwenye zamu anaenda kwa wakala na kurudi na pesa pungufu, na lawama ni za kijumbe.

Jaribio lilikuja Juni. Mama muuza mchele, namba 3, alikuwa ameshapokea Machi. Hivi ndivyo sehemu hiyo ya daftari ilivyokuwa usiku wa tarehe 5 Juni:

```
          Jan   Feb   Mac   Apr   Mei    Jun
Namba 3   4/1   5/2   X     5/4   11/5   --
Namba 4   3/1   5/2   4/3   X     5/5    5/6
Namba 6   5/1   5/2   5/3   4/4   5/5    X
```

Tazameni mstari wa namba 3. Kabla ya kupokea alikuwa mtu wa tarehe 4 na 5. Aprili bado yumo. Mei ameteleza hadi tarehe 11, na hapo ndipo nilipaswa kwenda kumuuliza ana nini, nisingoje Juni. Aliyekwisha kupokea akianza kuchelewa ni jambo tofauti kabisa na anayechelewa huku anasubiri zamu yake. Huyu wa pili pesa zake ziko kwetu. Yule wa kwanza, pesa zetu ziko kwake.

Ndiyo maana pembeni nina safu ya mwisho: alichopokea kutoa alicholipa. Mwisho wa Juni namba 3 alikuwa amelipa mara nne, yaani 200,000, na amepokea 450,000, kwa hiyo ameshika 250,000 za wenzake. Mimi namba 10 nilikuwa nimelipa 300,000 na sijapokea kitu. Ukijumlisha safu hiyo kwa watu wote kumi, baada ya mwenye zamu kukabidhiwa, jibu lazima liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, umekosea hesabu au pesa ya watu iko kwenye pochi yako.

Basi Juni safu ilikuwa na tarehe nane tu. Mwenye zamu, fundi cherehani namba 6, nilimkabidhi 400,000 na kumwonyesha kisanduku: “Hii hamsini iko kwa mama mchele. Sitaichukua kwa mtu mwingine.” Hakufurahi. Na mimi mkono uliniwasha kumwambia “mwezi ujao”.

Julai mama mchele alikuja na hamsini moja, na hapo palizuka mjadala mrefu kuliko vikao vyote. Iingie wapi? Fundi cherehani alitaka izibe Juni, deni la zamani kwanza. Kwa haki inasikika vizuri. Lakini ikiziba Juni, Julai inabaki tupu, na namba 7 ndiye anakuwa mdai. Agosti hivyo hivyo. Ni shimo lile lile la mwaka uliopita, limevaa kanga nyingine, linatembea kuelekea kwa wa mwisho. Tukaamua ya Julai iingie Julai. Shimo libaki Juni, mahali linapojulikana, na lizibwe kwa pesa ya ziada.

“Kwa hiyo mimi ndiye wa kusubiri?” fundi cherehani akauliza. Ndiyo. Uzuri ni kwamba alijua anamsubiri nani. Mama mchele akakubali kutoa 10,000 kila wiki juu ya mchango wake wa kawaida. Nikawa naandika elfu kumi kumi kwa penseli ndani ya kisanduku. Wiki moja aliruka. Tarehe 16 Agosti zikatimia tano, nikafuta penseli na kuandika 16/8 kwa kalamu nyekundu.

Kuna kosa nililolifanya mwenyewe Aprili, nalieleza kwa sababu wengi watalifanya. Namba 8 aliomba abadilishane na namba 5, apokee Mei kwa ajili ya bati za nyumba. Wote wawili waliridhia. Mimi nikabadilisha majina upande wa kushoto, na papo hapo tarehe za malipo za mmoja zikawa za mwingine. Ilibidi nirudi kwenye meseji za simu kuzipanga upya. Kubadilishana zamu kunagusa vichwa vya miezi tu: jina la juu ya Mei na la juu ya Agosti, pamoja na X zao. Mistari haiguswi. X hazitakuwa ngazi tena, haidhuru, mradi kila mstari na kila safu ina X moja.

Mtoto wa dada yangu aliniwekea jedwali hilo kwenye simu. Majina yako safu ya A, miezi ni B hadi K, na mistari ni 2 hadi 11. Nilichohitaji ni viwili, jumla ya mtu na jumla ya mwezi:

```
=COUNT(B2:K2)*50000
=COUNT(B2:B11)*50000
```

Hiyo `COUNT` inahesabu tarehe na namba, maneno inayaruka. X haihesabiwi, na ukiandika “ameahidi” nayo haihesabiwi, jambo ambalo nimelipenda sana. Ila ukiandika elfu kumi ya nusu malipo ndani ya kisanduku, itaihesabu kama hamsini nzima. Nusu malipo nayaweka kwenye daftari tu, na daftari ndilo linaloamua. Picha yake naituma kwenye kundi la WhatsApp kila tarehe 5 usiku, kisanduku kitupu kikionekana na kila mtu. Wawili walilalamika kwamba nawaaibisha. Niliwasikiliza, na picha naendelea kutuma.

Oktoba safu yangu ilijaa tarehe tisa, ya mwisho ikiwa ya mama mchele, 5/10. Nilipokea 450,000, nikatoa 50,000 na kwenda kwa muuza vitumbua. Ilikuwa sehemu ya tatu na ya mwisho ya laki na nusu yake. Alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniuliza: “Hii umeiandika wapi?” Haikuwa na kisanduku popote. Nikachora kimoja nyuma ya jalada, nikaandika jina lake na langu, na ndani yake 6/10.